Gumzo la darasa linajibu kwa Kiswahili tu, lakini watoto wa Gredi ya 4 hawalielewi. Nirekebishe wapi?

MwalimuKayole

Hamjambo walimu wenzangu na wazazi. Nafundisha Kiswahili Gredi ya 4, pande za Kayole. Nina watoto 43, wengi wana miaka 9 au 10, na vishikwambi vinavyofanya kazi ni vinne. Muhula huu nimefungua gumzo la akili unde ambalo watoto wanaliandikia kwa zamu, kikundi cha watu watano au sita kwa dakika kumi. Akaunti ni yangu, mimi nasimama papo hapo, na hakuna mtoto anayeandika jina lake.

Ninachotaka ni mtoto aandike Kiswahili na ajibiwe kwa Kiswahili. Hawa nyumbani wanaongea Sheng, masomo mengine karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kinabaki cha kile kipindi kimoja. Kwa hiyo kwenye kisanduku cha maagizo niliandika hivi:

```
Reply only in Kiswahili. Use words suitable for 9-year-olds.
```

Mada ilikuwa Sokoni. Kikundi cha pili wakaandika: "Matha alinituma soko nikabuy tomato na sukuma ya mbao." Gumzo likajibu kwa Kiswahili, hapo sina lawama. Lakini lilimpongeza mtoto kwa sentensi ya mistari mitatu, kisha likamuuliza mbao alizozisukuma zilikuwa "zimekusudiwa" kujengea nini. Likaongeza "aidha" na "hususan" humo humo. Watoto wakanitazama mimi. Mmoja akauliza, "Ticha, kukusudiwa ni nini?" Mwenzake hakungoja nimjibu, akaandika kwa Kiingereza kwamba hajaelewa. Basi gumzo likahamia Kiingereza moja kwa moja na halikurudi tena, mpaka zamu yao ikaisha.

Naona makosa mawili hapo: lugha imehama, na maneno ni ya mtu mzima. Nimekaa na maagizo yale jioni nzima sioni pa kuanzia. Mwenye ujuzi anisaidie.

KodiNaChai

Mwalimu, hii ni kazi ndogo. Mimi ni mtu wa programu. Shusha `temperature`, kile kipimo cha programu kubahatisha maneno, iwe 0 ili lisibuni buni, halafu lipe orodha ya maneno 500 ya Gredi ya 4 uliambie lisitoke nje yake. Imeisha. Kuhusu Kiingereza, andika ile amri kwa herufi kubwa.

MzaziSouthB

Mwalimu, samahani lakini mimi sikubaliani na hili. Hata kwetu kuna mwalimu aliyetaka gurupu ya WhatsApp ya wazazi iwe ya Kiswahili pekee. Watu wakanyamaza. Mama mmoja ambaye Kiswahili chake si kizuri alikosa kujua siku ya mkutano kwa sababu aliona aibu kuuliza. Mtu asilazimishwe lugha mpaka anyamaze.

MwalimuKayole

@MzaziSouthB pole kwa hilo, dada. Hili langu si gurupu ya wazazi. Ni programu inayomjibu mtoto darasani, na wazazi nawaandikia vile kila mmoja anavyoelewa. Ila hilo la mtu kunyamaza kwa aibu nimelichukua, maana ndivyo kilivyofanya kikundi cha pili. Walisoma lile jibu refu wakaacha kuandika.

@KodiNaChai herufi kubwa nimejaribu. Zilishika kwa jibu la kwanza na la pili. Mtoto alipoandika sentensi mbili za Kiingereza mfululizo, likamfuata.

BiSarufi

Mwalimu, habari za kazi. Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka 19, na sasa naandaa vitabu vya mazoezi vya watoto. Nimelifanyia gumzo la namna hii majaribio mengi. Niruhusu niandike kidogo kwa urefu.

Nianze na lugha kuhama. Programu hizi zimezoezwa kumjibu mtu kwa lugha aliyoandikia, na kwa mtu mzima hiyo ni tabia njema. Amri yako inasema lijibu kwa lugha gani, lakini haisemi lifanye nini mtoto akija na lugha nyingine. Kwa hiyo kila ujumbe wa Kiingereza unavuta upande wake na amri yako inavuta upande wake, na mazungumzo yakirefuka amri ndiyo inayochoka. Kupiga kelele kwa herufi kubwa hakusaidii sana. Lipe kazi ya kufanya na ule ujumbe wa Kiingereza: lichukue wazo la mtoto, liliseme kwa Kiswahili chepesi, kisha liulize swali moja. Mtoto anasikia sentensi yake mwenyewe ikirudi imenyooka bila kuambiwa amekosea. Sisi walimu hufanya hivyo kwa mdomo kila siku. Mtoto akisema "Teacher, nimelose pencil," unamwambia, "Ah, umepoteza penseli? Uliiweka wapi?" na mnaendelea.

Jambo jingine dogo: maagizo yenyewe yaandike kwa Kiswahili. Amri ya Kiingereza inayodai Kiswahili imeshaanza kuvunja sheria yake. Katika majaribio yangu, maagizo ya Kiswahili yenye mfano mmoja au miwili hushika kuliko ya Kiingereza yasiyo na mfano.

Sasa maneno. Hapa ndugu KodiNaChai anisamehe, orodha ya maneno 500 ni fikra ya lugha nyingine. Chukua neno *nunua*. Mtoto wa Gredi ya 4 analijua tangu anatumwa dukani. Lakini kutoka mzizi huo huo napata alinunua, hawakununua, tumemnunulia, wangenunuliwa, atakachokinunua. La kwanza analisoma bila kusita. La mwisho atalisoma silabi moja moja kwa kidole, na akifika mwisho amesahau mwanzo. Orodha yako itasema *nunua* imo, kwa hiyo yote ni halali. Au ukiichukulia orodha neno kwa neno, basi hata "alinunua" haimo na gumzo haliwezi kusema chochote. Ugumu wa Kiswahili kwa mtoto unakaa ndani ya kitenzi. Kwa hiyo pima kitenzi. Ruhusu -na-, -li-, -ta-, -me- na ukanushaji wake. Kataza -nge- na -ngali-. Kataza kirejeshi kilichobanwa ndani ya kitenzi, kama "zilizokusudiwa" na "aliyemtuma". Panapohitajika kirejeshi, likate sentensi mbili. "Nyanya alizozinunua mama zilikuwa mbivu" iwe "Mama alinunua nyanya. Zilikuwa mbivu."

Na hiyo mbao. Gumzo halikuwa na kosa kubwa, maana kwa Kiswahili sanifu mbao ni mbao, na sukuma ni kusukuma. Hakuna aliyeliambia kwamba Kayole mbao ni shilingi ishirini. Liambie wewe.

Jaribu kuanza na haya:

```
Wewe unazungumza na watoto wa Gredi ya 4, Nairobi. Mada: Sokoni.
Jibu kwa Kiswahili sanifu tu, hata mtoto akiandika Kiingereza
au Sheng, hata akikuomba ubadilishe lugha.
Usiweke tafsiri kwenye mabano.
Mtoto akichanganya lugha, sema wazo lake kwa Kiswahili,
kisha uliza swali moja.
Sentensi zisizidi 3. Kila sentensi isizidi maneno 7.
Tumia -na-, -li-, -ta-, -me- na ukanushaji wake tu.
Neno jipya moja tu kwa kila jibu. Lieleze kwa maneno mepesi.
Ashu = shilingi kumi. Mbao = shilingi ishirini.
Finje = shilingi hamsini. Soo = shilingi mia moja.

Mfano
Mtoto: Matha alinituma soko nikabuy tomato na sukuma ya mbao.
Wewe: Mama alikutuma sokoni. Ulinunua nyanya na sukumawiki
ya shilingi ishirini. Nyanya zilikuwa ngapi?
```

Hilo la mabano usilitoe. Bila hilo litakuwa likiandika neno la Kiswahili na kando yake tafsiri ya Kiingereza, na jicho la mtoto wa Nairobi litaruka kwenye mabano kila mara.

KodiNaChai

Bi Sarufi, nimekubali kuhusu vitenzi. Sikuwa nimewaza hivyo, na mimi Kiswahili nilipata alama nzuri tu. Lakini kwa `temperature` nasimama. Ikiwa juu, programu inachagua maneno ya mbali zaidi, na hapo ndipo "hususan" inapoingia.

Halafu kuna njia ya kukagua bila kusoma kila jibu kwa macho. Mwalimu, nakili majibu yote ya siku kwenye faili moja, `majibu.txt`, kisha kwenye kompyuta ya Linux andika:

```
tr -cs 'A-Za-z' '\n' < majibu.txt | awk 'length > 10' | sort -u
```

Itakutolea kila neno lenye herufi zaidi ya 10. "Zilizokusudiwa" ina herufi 14, itashikwa. "Sukumawiki" ina 10 kamili, itapita.

BiSarufi

Hiyo amri nimeipenda, ndugu yangu, nimeijaribu sasa hivi kwenye majibu ya zamani. Imenitolea "walimnunulia" na "yaliyofungashwa", ambayo yanastahili kutolewa. Lakini imenitolea pia "tulizungumza", na hilo mtoto analijua. Na "aidha" imepita, "bayana" imepita, "azma" imepita, kwa sababu ni fupi. Kwa hiyo inaonyesha pa kutazama, haihukumu. Maneno mafupi magumu utayapata kwa kumpa mtoto mmoja majibu kumi asome kwa sauti huku umeketi kando yake. Anaposita, piga mstari. Mimi huchukua mtoto wa katikati, si yule anayeongoza darasa. Akisita mara mbili ndani ya jibu moja la sentensi tatu, jibu hilo ni gumu.

Kuhusu `temperature`, una haki nusu. Ikiwa juu sana lugha inayumba. Lakini ukiishusha hadi 0, kikundi cha kwanza na cha nne wakiandika jambo linalofanana watapata swali linalofanana karibu neno kwa neno, na watoto wanasimuliana wakitoka nje. Kikundi cha nne watakuja na jibu tayari. Na hata kwa 0, Kiingereza kikija na hakuna kanuni ya kukipokea, litahama vile vile. Kisha programu nyingi ambazo mwalimu anatumia kwa akaunti ya kawaida hazina hata mahali pa kugusa kipimo hicho.

MadameKifaransa

Nimeufuata uzi huu kwa hamu kwa sababu mimi nina shida iliyogeuka. Nafundisha Kifaransa kwa wanaoanza, shule ya kibinafsi hapa hapa Nairobi, wana miaka 13. Niliandika lijibu kwa Kifaransa tu kwa maneno yanayofaa umri wa miaka 13. Likawaandikia kama vijana wa Paris wenye umri huo, na wangu wana miezi minne tu ya Kifaransa! Nikabadilisha nikaandika maneno ya watoto wadogo. Likaanza kuwauliza kuhusu wanasesere na sungura. Mvulana mmoja mrefu kuliko mimi aliulizwa jina la dubu wake wa kulalia. Hawataki kuligusa tena. Je, haya maagizo ya Bi Sarufi nikiyafasiri yatanifaa?

BiSarufi

Madame, kwako hayatatosha, na wewe ndiye umeligusa jambo ambalo Mwalimu wa Kayole amebahatika kutokutana nalo. Kwa watoto wake umri na kiwango cha lugha vinaenda pamoja karibu sawa. Kwako vimeachana. Viandike mistari miwili tofauti. Mstari mmoja useme mambo ya kuzungumzia: mpira, muziki, simu, chakula cha shule, safari ya matatu, mambo ya mtu wa miaka 13. Mstari wa pili useme kiwango cha lugha. Kwa Kifaransa una bahati, kuna ngazi za Baraza la Ulaya kuanzia A1 hadi C2, na programu hizi zinazijua vizuri kwa lugha za Ulaya. Andika A1, kisha ongeza wakati uliopo tu na urefu wa sentensi. Mimi nikiandika A1 kwa Kiswahili nimeona majibu yakipanda na kushuka bila mpangilio, ndiyo maana namshauri Mwalimu ataje viambishi kwa majina.

Na kwa mtu wa miezi minne, usiwe mkali kwenye "lugha hii tu". Mtoto wa Kayole anakisikia Kiswahili redioni, kanisani, kwenye matatu. Wako hawana mahali pengine pa kukisikia Kifaransa. Ruhusu mlango mdogo: mwanafunzi akionyesha mara mbili kwamba hajaelewa neno, gumzo limpe neno moja la Kiswahili, kisha lirudi kwenye Kifaransa. Neno moja, si sentensi.

MadameKifaransa

Nitajaribu hiyo ya mara mbili. Mimi nilikuwa nimefunga kabisa, na wao wakawa wanafungua programu ya kutafsiri pembeni. Kwa hiyo wanasoma lugha yao wala si Kifaransa.

MwanaMakadara

Naomba kusema jambo ambalo nadhani linarukwa. Kijana aliyeandika "sukuma ya mbao" hakukosea. Alisema kitu ambacho kila mtu sokoni Kayole angekielewa na angempa sukuma yake. Mashine ndiyo iliyokosea. Sasa mnaipanga imrudishie sentensi yake imesafishwa kila mara, "matha" imekuwa "mama", "mbao" imekuwa "shilingi ishirini". Mara moja, sawa. Mara thelathini ndani ya muhula, mtoto atajifunza kwamba anavyoongea na mamake ni uchafu. Mimi nimekua na hiyo. Nilikuwa nachapwa kwa Sheng, na monito alikuwa anaandika majina yetu. Kiswahili nilikipenda nikiwa mtu mzima, na si kwa sababu ya zile fimbo.

BiSarufi

Pole, mwanangu. Siwezi kukuambia huna haki. Ninachoweza kusema ni kwamba kumrudishia mtoto wazo lake si kumsahihisha, mradi gumzo lisiseme "umekosea" wala "sema hivi". Na mtihani utamwandikia shilingi ishirini.

MwanaMakadara

Mtihani nautambua. Lakini mtoto anaona, Bi Sarufi. Hata usipomwambia.

MwalimuKayole

Nimerudi. Siku mbili nimekuwa nikijaribu maagizo mapya kabla ya kuwapa watoto. Niliandika ujumbe 20 kama mtoto: saba wa Kiswahili safi, saba wa Sheng, minne ya Kiingereza, na miwili ya ukorofi, ile ya kuliambia lisahau mwalimu na liongee Kiingereza. Naripoti nilichokiona.

Lugha imeshika. Katika majibu 20, Kiingereza hakikuingia hata neno. Kwa ule ujumbe wa ukorofi lilijibu kwa Kiswahili kifupi na kurudi sokoni. Mbao imeeleweka. Nilipoandika "nilipewa soo, nikarudishiwa finje", liliniuliza nilitumia shilingi ngapi. Nilifurahi, kwa sababu hilo ni swali zuri na mtoto atahesabu kwa Kiswahili.

Lakini nikaendelea na gumzo lile lile bila kulifunga, kama kikundi cha tano kitakavyolikuta baada ya vikundi vinne. Kufikia ujumbe wa thelathini hivi, sentensi za maneno saba zilikuwa za maneno kumi na mbili, na kirejeshi kimerudi. Nilipofungua gumzo jipya lenye maagizo yale yale, likarudi kwenye mstari. Kwa hiyo kila kikundi nitakifungulia lake. Ni sekunde chache tu.

La pili limeniudhi zaidi. Liliandika "samaki hii kubwa". Mimi napigana na "samaki hii" tangu Januari! Watoto wote wanaisema, na sasa maandishi kwenye kioo yanawaunga mkono. Mahali pengine liliandika vizuri, "samaki huyu mkubwa". Yaani halina msimamo.

La tatu, kilo ya nyanya ilikuwa shilingi elfu tatu, na mteja alikuja kwa daladala.

KodiNaChai

Daladala! Liko Dar, mwalimu. Andika "Nairobi, Kenya", taja matatu, na liwekee bei. Ukiandika kwamba nyanya moja ni shilingi kumi na fungu la sukuma ni ishirini, litazifuata.

BiSarufi

Bei liwekee, ndiyo. Kwa samaki, ongeza mstari: "Wanyama, ndege, samaki na wadudu wote ni ngeli ya A-WA: samaki huyu mkubwa, kuku yule mdogo." Mfano unasaidia kuliko kutaja ngeli peke yake. Lakini usitegemee litaacha kabisa. Upatanisho wa kisarufi ndio mahali hizi programu bado zinateleza kwa Kiswahili, hasa nomino za viumbe zisizobadilika umbo na zile za U-ZI. Kwa hiyo usilitumie kwa somo la ngeli lenyewe. Litumie kwa kuandika na kusoma, na majibu yapitie macho yako. Mimi ningelitumia lile kosa: andika "samaki hii kubwa" ubaoni kesho yake na uwaulize watoto kama kuna kitu wanakiona.

MzaziSouthB

Nimerudi tena, safari hii nimeelewa mnaongea nini. Nina swali la mzazi. Mmesema lijibu kwa Kiswahili tu, na libaki kwenye mada ya sokoni, hata mtoto akifanya nini. Sasa mtoto akiandika kwamba nyumbani anapigwa? Akiandika kwa Kiingereza, kwa sababu hilo neno analijua kwa Kiingereza? Litamuuliza nyanya zilikuwa ngapi?

MwalimuKayole

Dada, umenifanya niache chai yangu. Nimejaribu sasa hivi. Niliandika kwa Kiingereza kwamba naogopa kurudi nyumbani kwa sababu baba mdogo ananiumiza. Lilisema pole, kwa sentensi moja ya Kiswahili, kisha likauliza nani huwa ananituma sokoni. Lilifuata maagizo yangu, na maagizo yangu ndiyo mabaya.

KodiNaChai

Weka sharti. Mtoto akitaja kuumizwa, ugonjwa au hatari, sheria ya lugha ivunjike na limjibu kwa lugha yake, lieleze hatua zote.

BiSarufi

Mimi hapo sikubaliani nawe. Liache mada, hilo lazima. Lakini nisingetaka mashine ianze mazungumzo marefu na mtoto wa miaka 9 kuhusu kupigwa kwake, kwa lugha yoyote. Liandike sentensi mbili za Kiswahili ambazo mtoto yeyote wa Gredi ya 4 anazielewa, "Asante kwa kuniambia. Mwambie mwalimu wako sasa hivi," kisha lisiulize kitu. Mwalimu yuko mita mbili kutoka hapo. Na mwalimu awe na namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo haitozwi pesa, imebandikwa ukutani.

KodiNaChai

Na kama mtoto huyo Kiswahili chake ni kidogo? Nairobi hii kuna watoto wametoka nchi jirani mwaka jana tu. Atasoma sentensi mbili asizielewe, aone ameambiwa aende zake.

MzaziSouthB

Mimi naona afadhali wavunje lugha. Sitaki mwanangu apotee kwa sababu ya kanuni ya sarufi.

MwalimuKayole

Kwa sasa nimeandika sentensi za Bi Sarufi, na chini yake zile zile kwa Kiingereza, kwa jambo hilo pekee. Najua si msimamo wa mtu yeyote kati yenu. Nimemwendea pia mwalimu mkuu. Ameniuliza kama wazazi wanajua watoto wanaandikia programu, nami nikasema nilitangaza mkutanoni. Akaniambia kutangaza si idhini: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka mzazi au mlezi akubali kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Hata kama hawaandiki majina, mtoto akieleza anakaa na nani na wapi, hiyo ni habari yake. Kwa hiyo fomu zimekwenda nyumbani Jumatatu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Zimerudi 36. Wale saba ambao hawajarudisha watafanya kazi ile ile na mimi ubaoni, nikicheza mwuza nyanya.

Leo tumeanza upya na waliorudisha. Kikundi cha tatu kuna msichana ambaye huwa hasemi kitu. Aliandika, "Nilienda soko na cucu kubuy avocado za soo." Likamwambia: alikwenda sokoni na bibi, walinunua maparachichi ya shilingi mia moja, je, yalikuwa mangapi? Akakaa kimya kwa muda, akawauliza wenzake "maparachichi ni avocado, si ndiyo?", kisha akaandika, "Yalikuwa tano. Bibi alikula moja njiani."

Nimeona "tano" badala ya "matano". Sikumgusa. Na @MwanaMakadara, neno lako bado liko kichwani mwangu, kwa sababu "cucu" amelibadilisha likawa "bibi" bila kuambiwa na mtu. Sijui kama nifurahi. Nimeongeza mstari unaosema majina ambayo mtoto anawaitia watu wa kwao, gumzo liyaache yalivyo: cucu, guka, dani, kukhu. Tuone.

MwanaMakadara

Hapo umenisikia, mwalimu. Asante. Ongeza na "matha".

BiSarufi

"Matha" hapana!

MwalimuKayole

Hiyo mtaamua nyinyi wawili, mimi niko katikati. Wiki ijayo mada ni Usafiri, na mfano wangu wa sokoni hautafaa tena, nahitaji mpya. Kwa maneno ya Sheng nina mathree, dere, makanga na steji. Wakazi wa Umoja, Dandora na Rongai, watoto wenu wanasema nini siku hizi? Nitajieni neno na maana yake, ili tusije tukaulizwa tena kuhusu mbao.